Ufizi uliorudi nyuma hauoti kwa chumvi

"Fizi zikishuka, zisugue kwa chumvi na mkaa kila asubuhi, zitaota tena."

Tuache kusambaza ujumbe huu, kwa kuwa ufizi uliorudi nyuma haukui tena wenyewe, na kusugua kwa nguvu ni mojawapo ya sababu za mizizi kubaki wazi, pamoja na ugonjwa wa fizi. Watu huchanganyikiwa kwa sababu uvimbe ukipungua damu hukoma, wakadhani fizi zimerudi. Tazama kioo: mzizi ulio wazi huwa wa manjano kuliko sehemu ya juu ya jino, na maji baridi huweza kuutia maumivu ya ghafla. Ufizi usiposogea zaidi, mswaki laini huweza kutosha. Kupandikiza nyama kutoka kwenye kaakaa hufikiriwa pale vipimo vya daktari wa meno vinapoonyesha unaendelea kurudi nyuma, ilimradi ugonjwa umetibiwa kwanza.