Ukimwona mpishi saa tisa alasiri, hujamtathmini

Nimesikia tena juzi meneja wa hoteli akisema, "Mpishi yule tumeshamfanyia tathmini, yuko vizuri." Nikamuuliza saa ngapi. Akaniambia saa tisa alasiri, jiko lilikuwa limetulia. Alipita na karatasi yake, akaona meza zinang'aa, friji imepangwa, aproni nyeupe, akaweka alama za vema. Kazi nzuri, lakini jina lake ni ukaguzi.

Kumtathmini mpishi ni kuipa kazi yake thamani kwa kuilinganisha na kiwango ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakijua, wakati kazi yenyewe inafanyika. Maana inaishia hapo. Kinachonikera ni jinsi watu wanavyoyachanganya maneno haya mawili kana kwamba moja ni la ofisini na jingine la mtaani.

Tathmini tumeitoa kwenye Kiarabu, kwenye mzizi uliotupa pia thamani. Thaman ni bei, na tathmin ni kukiwekea kitu bei. (Herufi ni zile zile za themanini na thumni, lakini huko ni hesabu ya nane, usiende nako.) Anayetathmini ni kama dalali wa nyumba: haimtoshi kusema paa lipo na mlango upo, lazima aseme nyumba inafaa kiasi gani na kwa nini. Anayekagua anapita akiangalia kilichopo na kisichopo. Sabuni ipo. Kipimajoto kipo. Ukaguzi unajibiwa kwa ndiyo au hapana, tathmini inajibiwa kwa kiasi. Na kazi ya mpishi wa hoteli huwezi kujua ni kiasi gani mpaka saa mbili na nusu usiku, oda kumi zikiwa zimening'inia.

Nitaeleza kwa usiku mmoja niliokuwa namwangalia kijana wa stesheni ya samaki, katika hoteli moja ya ufukweni. Kadi ya mapishi ya samaki wa kupaka ilisema minofu ya changu gramu 180, upawa mmoja wa mchuzi wa nazi. Niliweka mizani ndogo pale dirishani sahani zinapotokea, nikapima vipande vitatu kabla havijamwagiwa mchuzi. Cha saa moja na robo kilikuwa gramu 183. Cha saa mbili na nusu, 224. Cha saa nne kasorobo, 148.

Ukijumlisha na kugawa kwa tatu unapata 185, na mtu wa ofisini angeandika "uthabiti mzuri". Hapo ndipo neno uthabiti nalo linapoharibiwa. Thabiti ni kilichosimama pale pale, hakiyumbi. Mgeni hali wastani, anakula sahani yake. Aliyepata gramu 224 alipata samaki mbichi katikati, kwa sababu dakika jikoni zilikuwa zile zile za kipande cha 180. Aliyepata 148 alipata mkavu kama ubao. Mchuzi ulikuwa mtamu usiku kucha, na wengi wanadhani utamu huo ndio uthabiti. Mpishi anaweza kuwa mtamu Jumatatu na mtamu Alhamisi kwa namna mbili tofauti, akawa hana uthabiti hata kidogo.

Sasa kwa nini aliyumba? Jioni alikuwa amekata na kupima vipande 20, vikapangwa kwenye trei. Waliokuja kula samaki walikuwa zaidi ya 40. Saa mbili trei ikaisha, akaanza kukata kwa macho huku oda zinaitwa, na mkono wenye haraka hukata kinene. Baadaye akaona samaki wanakaribia kwisha, akabana. Ukimwandikia "aongeze umakini" hujamsaidia. Anahitaji kukata vipande 45 kabla ya saa kumi na mbili, na anayejua hesabu ya wageni waliohifadhi meza ni shefu.

Naomba kusimama kidogo kwenye neno hilo pia. Siku hizi kila aliyevaa kofia ndefu anaitwa shefu. Kwa Kifaransa ni mkuu, na kwa ukamilifu wake ni mkuu wa jiko: ndiye anayeagiza, anayepanga menyu, anayeandika kadi ya mapishi. Mpishi anapika kwa kadi hiyo. Jiko lisilo na kadi haliwezi kumpima mpishi kwa uthabiti, maana athibitike kwa lipi? Usiku ule nusu ya kosa la trei niliiandika kwa mkuu, na hakupenda.

Turudi kwenye ile saa mbili na nusu, maana mengine yote yalionekana hapo hapo. Alipoanza kukata upya, ubao wa buluu wa samaki mbichi ulikuwa kwenye sinki. Akavuta uliokuwa karibu, wa kijani, wa kachumbari. Ulikuwa safi, unang'aa, na mkaguzi angeupenda. Lakini usafi wa jikoni hauhusu kung'aa peke yake, unahusu kipi kimegusa kipi. Maji ya samaki mbichi yakabaki pale ambapo nyanya zisizopikwa zingekatwa dakika tano baadaye. Tena glavu alikuwa amevaa, zile zile alizoshikia samaki, nazo zikashika majani ya dania. Glavu chafu ni mkono mchafu, tofauti yake ni kwamba mwenyewe hahisi unyevu, kwa hiyo hanawi.

Kwenye upotevu wa chakula nilikuta ndoo moja tu, kila kitu kimo. Ndoo moja haimtathmini mtu. Mabaki ya kukata na vilivyoungua ni vya mpishi. Vilivyooza kwenye friji mara nyingi ni vya aliyeagiza. Vinavyorudi kwenye sahani vinaweza kuwa vya kadi yenyewe, kama wali ni mwingi mno kwa kila mgeni. Kesho yake tukaweka ndoo tatu, tukapima kila moja kwa wiki nzima, na ndoo yake ikawa nyepesi kuliko tulivyokuwa tunamlaumu.

Ushirikiano ndio unaopimwa vibaya kuliko yote, maana watu humpa alama anayecheka na wenzake. Mimi nasikiliza. Meza ya watu wanne imeagiza nyama ya kuiva kabisa, samaki wawili na saladi. Nyama inataka robo saa, samaki dakika tisa. Mpishi anayeshirikiana anauliza stesheni ya nyama, "Dakika ngapi?" kabla hajaweka samaki motoni. Kijana yule aliuliza kila mara, hata alipozidiwa, na akipita na sufuria ya moto alisema "nyuma yako!" bila kusubiri kukumbushwa. Sahani nne zilitoka pamoja. Hapo nilimpa alama ya juu kabisa, usiku ule ule niliompa ya chini kwenye uthabiti. Angekimbilia kumsaidia mwenzake huku samaki wake wakiungua, wengi wangemsifu, nami ningempunguzia.

Kwa hiyo, ndugu meneja, karatasi yako ya saa tisa si mbaya, iendelee. Juu yake andika tu "Ukaguzi wa jiko". Ile ya tathmini ije Jumamosi saa mbili usiku, nawe uje na mizani, usimame pembeni wasikogongana, na mpishi awe ameshaonyeshwa kadi utakayompimia.