Je, bisi ni nafaka nzima? Na kwa nini punje za mahindi mengine hazilipuki

Ukila bisi, mara nyingi kuna kipande chembamba cha rangi ya dhahabu kinachonasa kati ya meno na kugoma kutoka. Watu hukilalamikia. Mimi ninakipenda, kwa sababu kipande hicho ni ganda la punje, na ganda hilo ndilo linalojibu maswali yote mawili: kama bisi ni nafaka nzima, na kwa nini mahindi ya aina hii yanalipuka ilhali mengine yanabaki yanaungua tu kwenye sufuria.

Punje ya mahindi ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likitenganishwa na punje tunaliita pumba; humo ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi. Ndani, karibu na kitako kinachoshika kwenye gunzi, kuna kiini, yaani mmea mchanga uliolala, wenye mafuta na vitamini. Nafasi yote iliyobaki imejazwa wanga pamoja na protini kidogo, akiba ya chakula cha mmea huo siku utakapoota. Sehemu ya wanga peke yake ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa punje, kiini ni kama sehemu moja ya kumi, na ganda ni kama asilimia 5 tu.

Nafaka huitwa nzima ikiwa sehemu hizo tatu zinamfikia mlaji zote, kwa uwiano uleule zilivyokuwa kwenye punje. Neno "nzima" hapa huwapoteza wengi, maana wanadhani lazima punje isivunjwe. La. Unga uliosagwa pamoja na ganda na kiini bado ni wa nafaka nzima. Kinachoivua nafaka sifa hiyo ni kukobolewa, pale ganda na kiini vinapoondolewa ukabaki wanga mweupe. Mahindi yaliyokobolewa hukaa muda mrefu bila kuchacha, kwa kuwa mafuta ya kiini yamekwenda, lakini nyuzinyuzi na vitamini vingi vimekwenda nayo.

Sasa tazama bisi. Punje inaingia kwenye moto ikiwa na ganda lake, kiini chake na wanga wake, na inatoka na vyote vitatu. Imegeuka sura tu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo: bisi ni nafaka nzima. Gramu 100 za bisi zilizopikwa kwa hewa ya moto, bila mafuta, zina takriban gramu 14 za nyuzinyuzi. Bisi ni nyepesi mno, na kikombe kimoja kina gramu 8 hivi, kwa hiyo vikombe vitatu vitakupa gramu 3 na ushei. Sukari, chumvi au siagi unayomwagia juu haiondoi unafaka-nzima wake, ila hubadilisha kabisa hesabu ya chakula chenyewe, na hayo ni mambo mawili tofauti yasiyofaa kuchanganywa. Usizichanganye pia bisi na vile vitafunio vya mahindi vilivyovimbishwa kwa mashine vikawa kama vijiti au mipira. Hivyo kwa kawaida hutengenezwa kwa mahindi yaliyokwisha kutolewa ganda na kiini.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Bisi haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa nafaka nzima. Ukiikoboa punje ya bisi kisha ukaitia motoni, haitalipuka. Ganda lilelile linalotupa nyuzinyuzi ndilo chombo kinachoshikilia mlipuko.

Punje ya bisi iliyo tayari kupikwa ina maji ndani yake, asilimia 13.5 hadi 14 ya uzito wake. Ukiishika mkononi utaapa kuwa imekauka, na kweli imekauka, ila si kabisa. Punje moja yenye gramu 0.15 inabeba maji ya takriban gramu 0.02, chini ya tone moja la kawaida. Tone hilo, likigeuka lote kuwa mvuke kwenye joto la kikaangoni na likaachiwa huru, lingetaka nafasi ya mililita 40 hivi. Punje yenyewe ina ukubwa wa karibu mililita 0.1. Hapo unaona ugomvi unaojengeka ndani.

Joto likifika nyuzi 100, maji ya kwenye sufuria wazi yangechemka na kuondoka. Ndani ya punje hayana pa kutokea. Presha inapanda, na sehemu kubwa ya maji inabaki kimiminika hata joto likipita nyuzi 150. Maji hayo ya moto yanaupika wanga uliomo mpaka unalainika na kuwa kama uji mzito unaonata. Likikaribia nyuzi 180, presha ndani ya ganda ni kama mara 10 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Sufuria la presha la nyumbani hufanya kazi kwenye mara 2 hivi. Ndipo ganda linaposhindwa. Likipasuka, presha inaanguka ghafla, maji yaliyokuwa yamebanwa yanageuka mvuke kwa mpigo, na mvuke huo unaupuliza ule uji kuwa povu. Povu linapoa na kuganda papo hapo. Ule weupe laini unaoutafuna ni povu la wanga lililokauka.

Mwaka 2015 watafiti wawili, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walipima jambo hili kwa kupandisha joto hatua kwa hatua. Kwenye nyuzi 170 ni asilimia 34 tu ya punje zilizokuwa zimelipuka. Kwenye nyuzi 180 zilifika asilimia 96. Tofauti ya nyuzi 10 tu. Ndiyo maana bisi kwenye sufuria hukaa kimya kwa muda mrefu, kisha zote huanza kulia kwa pamoja.

Basi kwa nini mahindi mengine hayafanyi hivi? Nayo yana ganda, yana maji, yana wanga. Tofauti ipo kwenye ubora wa ganda na mpangilio wa wanga, na vyote viwili lazima vikutane kwenye punje moja.

Ganda la mahindi ya bisi limefumwa kwa nyuzi zilizopangika vizuri kuliko la mahindi ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulikuta kwamba ganda hilo lina nguvu mara nne hivi na linapitisha joto karibu mara mbili ya la mahindi ya kawaida. Kupitisha joto upesi ni muhimu kama nguvu, kwa sababu maji ya ndani yanapata moto kabla hayajapata nafasi ya kutoroka. Ganda la mahindi ya kawaida linavuja au kupasuka mapema, presha ikiwa bado ndogo, na mvuke unatoka polepole. Punje inabaki kuwa imekaangwa: inatafunika, ina ladha, lakini haikuchanua.

Upande wa wanga, chukua punje ya mahindi yale makubwa yenye kibonyeo kichwani uikate kwa kisu. Katikati utakuta unga mweupe laini unaokwanguka kwa ukucha. Wanga mgumu uko pembeni tu. Wanga laini una vijinafasi vya hewa kati ya chembe zake, na kibonyeo chenyewe hutokea unaponywea wakati punje inakauka. Kata punje ya bisi sasa. Utakuta karibu yote ni wanga mgumu, unaopitisha mwanga kidogo kama kioo chenye ukungu, na chembe zake zimebanana bila nafasi, zikishikwa na protini. Wanga uliobanana hivyo ndio unaoweza kuvutwa ukawa povu. Ule wenye mianya hauvimbi; mvuke unapita kwenye mianya na kwenda zake. Mahindi matamu hukwama mapema zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari yake haijageuzwa kuwa wanga, kwa hiyo hata malighafi ya povu ni haba.

Ni haki kuongeza kwamba bisi haiko peke yake duniani. Mahindi magumu yasiyo na kibonyeo huweza kuchanua kidogo, punje za mtama hulipuka zikawa bisi ndogo, na mwaka 1939 mwanajenetiki George Beadle alionyesha kuwa hata mbegu za teosinte, nyasi ya porini iliyozaa mahindi, hulipuka. Ila kati ya mahindi tunayolima, ni aina hii tu inayochanua kikamilifu.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, chukua punje kumi za bisi, zikwaruze kwa ncha ya kisu mpaka ganda litoboke, uzipike na kumi nyingine nzima. Nyingi kati ya zile zilizotobolewa hazitalipuka, au zitapasuka kidogo tu, ingawa wanga na maji ni yaleyale.

Hapo ndipo pia unapopata maana ya punje zinazobaki chini ya sufuria. Ama ganda lina ufa, ama maji yamepungua. Mahindi ya bisi yaliyokaa wazi kwa miezi hupoteza unyevu, na dalili yake ni kwamba punje nyingi zinabaki, na zile zilizochanua ni ndogo na ngumu. Hili linatengenezeka. Tuseme una gramu 600 zilizoshuka hadi unyevu wa asilimia 11.5, yaani gramu 69 za maji. Zitie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji, gramu 15. Sasa una gramu 84 za maji katika gramu 615, karibu asilimia 13.7. Tikisa chupa mara kadhaa siku ya kwanza ili maji yasikae chini, uiache siku mbili au tatu, kisha jaribu chache. Usizidishe maji kwa haraka: punje yenye unyevu mwingi ganda lake hulainika na kuachia mapema, bisi inatoka ndogo na ya kutafunika kama mpira, na chupa yenyewe inaweza kuota ukungu.

Zikikataa tena baada ya hapo, zitazame moja moja kwenye mwanga. Zenye ufa kwenye ganda au kitako kilichomeguka hakuna maji yatakayoziokoa. Zisage pamoja na ganda lake, na unga huo nao utakuwa wa nafaka nzima.