Kanga Kilwa mwaka 1331?

"Nimeitengenezea Darasa la Sita picha ya Kilwa kwa akili bandia, mwaka aliofika Ibn Battuta. Haina gari wala nguzo ya umeme. Nikague nini tena?"

Magari ndiyo rahisi kuyaona, ndiyo maana hayana hatari. Kinachopita bila kushtukiwa ni vitu vya zamani ambavyo si vya zamani ile. Programu hizi hujifunza kwa picha zenye maelezo, na mwaka 1331 hakuna aliyekuwa na kamera. Ni kama mchoraji aliyekulia kwenye albamu za Zanzibar na Lamu za miaka ya 1890: mwambie "mji wa Waswahili wa kale" akupe albamu yake, kwa ufundi mkubwa na bila haya.

Anza na majengo, kwa kuwa magofu yapo. Ukiona mnara mrefu juu ya msikiti, ufute. Msikiti Mkuu wa Kilwa hauna mnara. Ngome ufukweni? Ya kwanza pale ilijengwa na Wareno mwaka 1505. Milango yenye njumu za shaba tunayoijua Zanzibar, mingi ni ya karne ya 19. Kuta za matumbawe na chokaa ziache, ingawa hapo pana utata mtamu: maandishi ya Ibn Battuta, kama yanavyosomwa kwa kawaida, yanaitaja Kilwa kuwa mji wa mbao. Huenda nyumba nyingi zilikuwa hivyo, na mawe yakawa ya msikiti na wakubwa.

Kisha vyombo. Tazama tezi la jahazi: likiwa bapa kama ubao, limeiga meli za Ulaya zilizokuja baadaye. Chombo salama zaidi kuchora ni mtepe, mbao zake zikishonwa kwa kamba za makumbi, tanga lake la mkeka likiwa la pembe nne. Sokoni ondoa mahindi na mihogo, maana vyote vilitoka Amerika, baada ya 1492. Mtama na nazi vinatosha.

Ukiomba picha upya, jina la zama halisaidii sana. Taja vitu: "kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, paa bapa, mtepe wa kushonwa, hakuna mnara".

Mavazi ndiyo magumu. Kanga ilienea mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo ikitokea, picha imeanguka. Lakini uweke nini badala yake? Wachimbaji wamepata Kilwa vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, hivyo nguo ya pamba ina ushahidi. Rangi yake na namna ilivyofungwa hazikubaki ardhini. Mimi ningechagua nguo isiyo na maua, kisha chini ya picha niandike: "Mavazi yamekisiwa."