Faili likifutwa, nini hasa hutokea ndani ya diski?

Jumapili moja asubuhi alinijia dada mpiga picha wa harusi akiwa na memori kadi ameifunga kwenye karatasi. Usiku uliopita alikuwa amefuta picha zote ndani ya kamera akidhani ameshazihamishia kwenye laptopu. Hakuwa amezihamisha. Zilikuwa picha kama 900 za harusi nzima. "Fundi," aliniuliza, "zimekwenda wapi?"

Jibu ni kwamba hazikuwa zimekwenda popote. Tatizo ni kwamba kadi ilikuwa imeshasahau zilipo.

Fikiria gesti kubwa sana yenye daftari la mapokezi. Kadi yake ilikuwa ya gigabaiti 32, na kadi za ukubwa huo kwa kawaida hupangwa kwa mfumo wa FAT32, unaoigawa nafasi yote katika vyumba vidogo vinavyoitwa klasta. Kila klasta ilikuwa na kilobaiti 32, kwa hiyo gesti hii ilikuwa na vyumba karibu milioni moja. Picha moja ya megabaiti 8 haitoshi katika chumba kimoja. Inachukua vyumba 256. Ili picha ifunguke, ni lazima kadi ijue vyumba hivyo ni vipi na vinafuatana vipi.

Taarifa hizo ziko katika sehemu mbili. Ya kwanza ni saraka, yaani orodha ya mafaili. Humo kila faili lina mstari wa baiti 32 unaobeba jina, ukubwa, tarehe na namba ya chumba cha kwanza tu. Ya pili ni jedwali la FAT lenyewe, ambalo limetoa jina kwa mfumo mzima. Jedwali hili lina nafasi moja kwa kila chumba, na katika nafasi hiyo imeandikwa namba ya chumba kinachofuata. Ukitaka kusoma picha, unapata chumba cha kwanza kwenye saraka, kisha jedwali linakuelekeza cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho.

Sasa bonyeza kitufe cha kufuta. Vyumba 256 vyenye picha haviguswi hata kimoja. Kinachobadilika kwenye saraka ni baiti moja: herufi ya kwanza ya jina hufutwa na mahali pake huwekwa alama E5, yenye maana kwamba mstari huu uko wazi. Hivi ndivyo jina DSC_0412.JPG linavyoonekana ukisoma kadi baiti kwa baiti, kabla na baada ya kufutwa:

```
44 53 43 5F 30 34 31 32 4A 50 47
E5 53 43 5F 30 34 31 32 4A 50 47
```

Ndiyo maana programu za kurejesha mafaili hukuonyesha majina kama `_SC_0412.JPG`. Herufi ile moja kweli imepotea, na programu haiwezi kuijua.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi. Kwenye jedwali, nafasi zote 256 za picha ile huandikwa sifuri, na sifuri maana yake ni chumba kitupu. Kuna nakala ya pili ya jedwali, lakini nayo husafishwa wakati huohuo, kwa hiyo haisaidii. Mgeni bado amelala chumbani na mizigo yake yote, ila kwenye daftari chumba chake kinasomeka kitupu.

Waliobuni mfumo huu walifanya hivyo kwa ajili ya kasi. Kuandika juu ya megabaiti 8 ili kuzifuta kabisa kungechukua muda uleule wa kuhifadhi picha upya. Kurekebisha daftari ni kazi ya kufumba na kufumbua. Utakuwa umeiona tofauti hii mwenyewe: filamu inayochukua dakika kadhaa kunakiliwa kwenye flashi hufutika kwa sekunde moja.

Hatari huanza pale mgeni mpya anapofika mapokezi. Kamera ikitaka kuhifadhi picha mpya, hutafuta kwenye jedwali nafasi zenye sifuri, na inapovipata vyumba hivyo huandika ndani yake bila kuuliza kilichokuwemo. Hapo ndipo picha ya zamani inapokufa kweli. Kwenye kadi za namna hii, baiti iliyoandikwa juu ya nyingine haiachi mabaki ya ile ya chini ambayo fundi anaweza kuyachokonoa kwa programu. Mwenye kukuambia ana programu ya kusoma kilichoandikwa juu yake anataka pesa yako.

Nilimwuliza yule dada swali moja tu la maana: baada ya kufuta, ulifanya nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema alipiga picha 11 za shangazi na wajomba kabla hajagundua. Picha 11 ni vyumba kama 2,816. Asilimia ndogo sana ya kadi, ila swali ni vyumba hivyo vilikuwa vya nani. Kamera yake ilikuwa imeanza kujaza tangu mwanzo wa kadi, na mwanzo wa kadi ndiko zilikokuwa picha za bibi harusi akipambwa.

Kwa hiyo nikiambiwa "wahi," siifikirii saa. Kadi iliyochomolewa na kuwekwa kabatini mwaka mzima haiandikwi kitu, na picha zake kwa kawaida zitakuwa palepale. Kadi iliyoachwa kwenye kamera inayoendelea kupiga video inaweza kumaliza kila kitu kwa nusu saa. Kwenye kompyuta hali ni mbaya zaidi, kwa sababu diski yenye Windows haitulii hata usipoigusa: kivinjari kinahifadhi kurasa, masasisho yanashuka, mfumo unaandika kumbukumbu zake. Hata kupakua programu ya kurejesha na kuiweka kwenye diski ileile ni kuwapa wageni wapya vyumba vya faili unalolitafuta. Nimeona watu wakiharibu faili lao hivyo, kwa mikono yao, wakiwa katika jitihada za kuliokoa.

Kadi ya dada nilisogeza kwanza kile kitufe kidogo cha pembeni mpaka upande wa kufunga, ili isiandikwe. Kisha sikuigusa moja kwa moja. Nilichukua nakala yake nzima, vyumba vyote, vitupu na vyenye kitu, nikaiweka kwenye diski nyingine, na kazi yote ikafanyika kwenye nakala. Kwenye Linux ni amri mbili:

```
sudo ddrescue /dev/sdb kadi.img kadi.map
photorec kadi.img
```

Hapo `/dev/sdb` ndilo jina la kadi kwenye kompyuta yangu. Kwako linaweza kuwa jingine, na amri `lsblk` itakuonyesha. Lihakiki kabla ya kubonyeza, kwa sababu kukosea diski hapa ni balaa jipya.

PhotoRec haihitaji daftari kabisa. Inapita chumba kwa chumba ikitafuta dalili za picha. Kila picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, kwa hiyo programu ikikutana nazo mwanzoni mwa chumba, inajua picha imeanzia hapo, na inaendelea kukusanya vyumba vinavyofuata mpaka picha iishe. Majina ya zamani hayarudi. Unapata mafaili yenye namba tu. Mimi huona hilo ni gharama ndogo.

Lakini angalia dhana iliyojificha humo: kwamba vyumba vya picha moja vinafuatana. Jedwali lililokuwa likisema chumba kinachofuata limeshafutwa, hivyo programu inalazimika kukisia. Kwa mpiga picha anayeanza na kadi tupu na kupiga mfululizo, makisio hayo huwa sahihi karibu kila mara. Kwa yule mwenye tabia ya kufuta picha mbaya mojamoja ukumbini, kadi inakuwa na mapengo, na picha inayofuata hukatwa vipande kuyajaza mapengo hayo. Ukiirejesha utaitambua mara moja: sehemu ya juu ni safi, halafu chini kuna kijivu, mistari ya rangi, au kipande cha picha nyingine. Video, kwa kuwa ni ndefu, huumia zaidi kwa jambo hili. Kuna pia dalili nyingine ya kupotosha, hasa kwa programu zinazotegemea mabaki ya saraka: faili linarudi na jina na ukubwa sahihi, unalifungua, na ndani unamkuta shangazi. Jina ni la mgeni wa zamani, chumbani kalala mgeni mpya. Ndiyo maana siamini orodha ya majina. Nafungua kila picha.

Za dada zilirudi zote isipokuwa 12. Picha mpya zilikuwa 11, lakini ya mwisho iliishia katikati ya picha ya zamani ya kumi na mbili na kuula mwanzo wake, na picha isiyo na mwanzo haina dalili ya kuitambulisha. Picha nyingine mbili zilikuwa na kijivu chini. Za kupambwa zilizopona zilitosha ukurasa wa albamu, nami nilifurahi naye kwa dhati.

Akiwa anaondoka aliniomba jambo la pili. Usiku uleule, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa amefuta pia folda ya mikataba ya wateja kwenye laptopu na kulimwaga `Recycle Bin`. Laptopu aliizima papo hapo. Alikuwa amefanya vizuri kuliko alivyofanya kwa kadi, na ilinibidi nimwambie kwamba huenda haikusaidia.

Laptopu yake ina diski ya SSD. Tangu Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, mfumo ukifuta faili kwenye SSD hautosheki na daftari. Hutuma amri iitwayo TRIM kuiambia diski kwamba vyumba hivi havina mtu tena. SSD haiwezi kuandika juu ya kilichopo bila kukisafisha kwanza, kwa hiyo hupenda kusafisha mapema, yenyewe, muda wowote ikiwa na umeme. Na mara nyingi, baada ya amri hiyo, ukiomba kusoma vyumba hivyo diski inakurudishia sifuri tupu, hata kama usafi wenyewe haujafika. Unaweza kuuliza kompyuta kama TRIM inatumika:

```
fsutil behavior query DisableDeleteNotify
```

Jibu likiwa 0, inatumika. Niliiunganisha diski yake kwenye kompyuta yangu ya Linux kwa kusoma tu. Majina ya mikataba yalikuwepo, na ukubwa wa kila faili, na namba za vyumba vyake, kwa sababu NTFS, mfumo ambao Windows hupangia diski zake, huhifadhi mabaki ya daftari vizuri kuliko FAT32. Nikafungua chumba cha kwanza. Sifuri. Cha pili, sifuri. Mikataba mitatu tu tuliipata, nayo ilikuwa kwenye baruapepe, alikowahi kuituma kwa wateja.