Mizani Namba 7: Mkaguzi wa Ndani wa Ubora Anavyofundishwa na Kupimwa

Wafanyakazi wa viwandani wanaokuja kwetu kusomea ukaguzi wa ndani wa ubora huja na hofu moja: kwamba watalazimika kukariri ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hawalazimiki. Kwenye mtihani wetu kiwango kinakuwa mezani na kila mtu anakifungua anapotaka. Kinachowaangusha wengi ni sentensi mbili tatu za kuandika kile walichokiona.

Chukua zoezi tunalowapa siku ya pili. Uko sehemu ya kufungashia katika kiwanda cha unga wa sembe. Mizani namba 7 ina lebo inayoonyesha ugezi wake wa mwisho, yaani kulinganishwa kwake na mawe ya uzito unaojulikana, ulifanyika tarehe 14 Machi 2023. Leo ni 20 Agosti 2024. Utaratibu wa kiwanda chenyewe unataka kila mizani ifanyiwe ugezi kila baada ya miezi 12. Mwendeshaji anakueleza kwamba mafundi walikuja mwaka huu, ila mizani hiyo wakati huo ilikuwa stoo. Andika ulichobaini.

Jibu tunalolipata mara nyingi ni hili: “Mizani si sahihi na msimamizi ni mzembe.” Halipati alama. Hakuna aliyeipima mizani, kwa hiyo huenda iko sahihi kabisa. Na uzembe wa mtu huwezi kuuona kwenye lebo. Jibu linalofaulu lina mambo matatu: takwa, ushahidi na pengo kati yake. Kwa mfano: “Utaratibu wa vifaa vya kupimia unataka ugezi kila baada ya miezi 12. Mizani namba 7, inayotumika kufungashia pakiti za kilo 2, ina lebo ya 14 Machi 2023, na hakuna kumbukumbu ya ugezi baada ya hapo. Muda umepita kwa zaidi ya miezi 5.” Mtu ambaye hakuwepo akilisoma jibu hilo, anaweza kwenda mwenyewe na kukikuta kitu kilekile.

Wapo wanaojitetea kwamba mizani ilikuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Muhuri huo ni uhakiki wa kisheria wa mizani ya biashara. Cheti cha ugezi kinakuambia mizani inapotoka kwa kiasi gani. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Sehemu ya pili ya zoezi ndiyo inayotenganisha wanafunzi. Mizani imepelekwa kwa wataalamu wa ugezi, ikarudi na majibu: inapoonyesha gramu 2,000, uzito halisi ni 1,988. Je, hoja uliyoiandika ifungwe? Wengi wanaifunga, kwa kuwa mizani imesharekebishwa. Lakini kifungu cha 7.1.5.2 kinataka kiwanda kijiulize kuhusu vipimo vya nyuma. Kila pakiti iliyopimwa hapo huenda imepungua gramu 12. Lazima mizigo iliyobaki ghalani ipimwe upya, na kumbukumbu zifuatwe kujua iliyokwishauzwa ilikwenda wapi.

Kisha kuna chanzo. Kurekebisha mizani ni sahihisho tu; kifungu cha 10.2 kinataka pia sababu itafutwe. Hapa sababu ni kwamba orodha ya vifaa vya kugezwa iliandikwa kwa kutazama vilivyoko mezani, na kilichokuwa stoo kikasahaulika. Kiwanda kikiandika “wafanyakazi wameonywa”, mkaguzi aliyefundishwa vizuri analirudisha jibu hilo. Orodha ijengwe kutoka kwenye daftari la mali, na kifaa kikitoka stoo kisitumike kabla lebo yake haijatazamwa.

Mbali na mtihani wa kuandika, tunampima mtu akihoji. Mmoja wetu anaigiza msimamizi mwenye maneno mengi. Mwanafunzi akiuliza, “Mnafanya ugezi?”, anajibiwa “Ndiyo” na mazungumzo yanaishia hapo. Akisema, “Naomba unionyeshe rekodi za mizani hizi tatu,” ameanza kukagua. Tunatazama pia kama anachagua mizani hizo mwenyewe au anakubali kuchaguliwa na mwenyeji, kosa ambalo hata wazoefu hulifanya kwa heshima.

Asiyefaulu hupewa cheti cha kuhudhuria, aliyefaulu cha kufaulu. Waajiri wasome vizuri neno hilo. Shirika la ISO lenyewe halitoi vyeti kwa mtu wala kwa kiwanda. Kinachodaiwa na kiwango ni kwamba mkaguzi awe na uwezo, na asipendelee. Ndiyo maana mtu wa maabara hakagui maabara yake: katika kiwanda kidogo, yeye anakagua stoo na mtu wa stoo anakagua maabara.

Baada ya darasa, tunashauri mkaguzi mpya aongozane na mzoefu katika ukaguzi wa kwanza au wa pili, aandike ripoti yake kando, kisha zilinganishwe. Huko ndiko sentensi ya “msimamizi ni mzembe” hurudi tena, safari hii ikiwa na jina la mtu anayemfahamu.