Kihesabu si lazima kifike T15

"Kaka, ndani ya prosesa sahili, kihesabu cha biti 4 na dikoda vinatoa ishara za hatua T0 hadi T15, moja kwa kila mpigo wa saa. Kwa hiyo kila amri inakula mipigo 16?" – mwanafunzi, Chake Chake

La, mdogo wangu. Chukua amri ya kuhifadhi, tuiite D3. T0 na T1 zinaichota, T2 inaifasiri, T3 inakamilisha anwani. D3 na T4 zikiwaka pamoja, geti moja inaandika kwenye kumbukumbu na kukiamuru kihesabu kirudi 0. Mipigo 5 tu.

Wengi hukwama kwenye chipu ya kihesabu. 74HC161 hufutika kuwa 0 papo hapo, hivyo T4 inakufa kabla ya kuandika. Weka 74HC163, inayosubiri mpigo ujao wa saa. Mguu wake wa kufuta huitikia 0, basi igeuze ishara kwanza. Ukisahau kufuta kabisa, jibu hutoka sahihi, ila taa za ishara za T zitatembea hadi T15.