Kipande kirefu si lazima kiwe mauzo makubwa

"Kwenye chati, kipande chetu cha Lindi ni kirefu kuliko cha Masasi na Mtwara. Si ndiko tunakouza unga mwingi zaidi?"

Hapana. Katika chati ya mozaiki, kila mji ni nguzo moja iliyogawanywa vipande, kila chapa na chake, na urefu wa kipande unaonyesha fungu lako ndani ya mji huo tu. Upana wa nguzo ndio unaoonyesha ukubwa wa soko la mji. Kiasi ulichouza ni eneo la kipande, yaani upana mara urefu.

Tuchukue namba za mfano. Soko lote ni tani 100 kwa mwezi: Mtwara 60, Masasi 30, Lindi 10. Fungu lenu Lindi ni asilimia 70, basi ni tani 7. Masasi asilimia 40 ni tani 12. Mtwara, kwenye kipande kifupi kuliko vyote, asilimia 30 ni tani 18. Lindi mnaongoza, lakini gunia nyingi zinatoka Mtwara.

Kosa jingine, ambalo nimeliona hata kwa wahasibu wazuri, ni kujumlisha 70, 40 na 30 na kugawa kwa tatu. Unapata karibu 47, wakati fungu halisi ni tani 37 kati ya 100.

Mchoraji naye aweke chapa yenu chini kabisa kwenye kila nguzo. Vipande vinavyoning'inia katikati havianzii mstari mmoja, na jicho hukosea kulinganisha urefu wake.